Nataka kuwa muuguzi, lakini niliacha shule kidato cha pili

*Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 33, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Iringa. Mwaka 2008 niliacha shule nikiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa taifa, kwa sababu ya ujauzito. Kwa miaka sita sasa ni mhudumu katika zahanati ya mtu binafsi, na ninachotamani ni kusomea uuguzi. Bwana mmoja mwenye kituo cha masomo ya jioni ameniambia nimpe shilingi 450,000 taslimu, naye atanifanyisha QT na kidato cha nne ndani ya mwaka mmoja. Amenishauri nichukue masomo ya sanaa kwa kuwa ni mepesi, akisema cheti ni cheti. Mume wangu anaona umri umeshanitupa mkono. Je, njia hii ipo kweli, na cheti chake kitanifikisha chuo cha uuguzi?*

*Mama Wawili, Iringa*

Marahaba, binti yangu. Njia ipo, ni ya halali, na cheti utakachopata ni kile kile cha kidato cha nne kinachotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa mwanafunzi yeyote. Tofauti itaonekana kwenye namba ya mtahiniwa tu, kwa kuwa ya kwako itaanza na herufi P ya mtahiniwa wa kujitegemea badala ya S ya mtahiniwa wa shule. Hata hivyo, katika maneno ya huyo bwana yamo mawili ambayo ukiyafuata utapoteza fedha na miaka, na ninaomba tuyatazame moja baada ya jingine. La pili ndilo zito zaidi.

La kwanza ni huo mwaka mmoja. Kwa kuwa uliacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha pili, huruhusiwi kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa kidato cha nne. Sharti ufaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao ndio watu wanauita QT, na ambao kazi yake ni kusimama mahali pa mtihani wa kidato cha pili kwa mtu aliyesomea nje ya shule. Mtihani huo hufanyika mwezi Novemba, majira yale yale ya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yake hutoka mwaka unaofuata. Haiwezekani basi mtu afanye yote miwili ndani ya Novemba moja, kwa kuwa wa pili unadai matokeo ya wa kwanza. Anayekuahidi mwaka mmoja ama hajui utaratibu, ama anajua na anategemea wewe usiujue.

Hesabu ya kweli ni hii. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa miaka ya karibuni umekuwa ukifunguliwa Januari na kufungwa mwishoni mwa Februari, kisha mwezi Machi huachwa kwa waliochelewa, ambao hulipa pamoja na faini. Ukijisajili QT mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, utaufanya Novemba na kupata matokeo Januari. Ukifaulu, utajisajili kidato cha nne mwezi huo huo au Februari, utafanya mtihani Novemba ya mwaka wa pili, na matokeo yatatoka Januari ya mwaka wa tatu. Maombi ya vyuo hufunguliwa katikati ya mwaka huo na masomo huanza baadaye mwaka huo huo. Kwa hiyo, tangu siku ya kujisajili hadi siku ya kuingia chuo, weka miaka miwili na nusu hadi mitatu, ukiomba Mungu usirudie mtihani wowote.

Hapo ndipo ninapomjibu mumeo, kwa heshima. Ukianza ukiwa na miaka 33, utaingia chuo ukiwa na 36. Astashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka miwili na stashahada ni mitatu, hivyo utamaliza ukiwa na 38 au 39. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Unabaki na miaka sita ya akiba serikalini, achilia mbali hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi. Umri haujakutupa mkono, ila haukuachii nafasi ya kurudia mitihani mara tatu, na ndiyo maana jambo la pili linanisumbua zaidi.

Jambo hilo ni uchaguzi wa masomo. Ninajua kwa nini vituo vya jioni hupenda kumwelekeza mtu kwenye Historia, Uraia, Kiswahili na Jiografia. Mwalimu mmoja na ubao vinatosha, hakuna maabara wala kemikali, na watahiniwa wengi hufaulu, jambo linalokitangaza kituo vizuri. Kwa mtu anayetafuta cheti cha kidato cha nne ili adumu kazini au asomee ustawi wa jamii, ushauri huo hauna ubaya. Wewe unataka uuguzi. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, unamtaka mwombaji wa uuguzi na ukunga awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne yawemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humwongezea mtu nguvu. Kwa hiyo masomo huchaguliwa kwa kuanzia mlangoni mwa chuo na kurudi nyuma, kamwe si kwa kuuliza lipi ni jepesi.

Nikuonyeshe kwa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka huku wakishangilia. Daraja la kidato cha nne hutokana na masomo saba aliyofanya mtu vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Tuseme umefuata ushauri wa yule bwana, ukapata B ya Kiswahili, C za Historia, Uraia, Jiografia na Kiingereza, D ya Biolojia na F ya Hisabati. Jumla ni 2 na 12 na 4 na 5, yaani 23, daraja la tatu. Nyumbani watapika pilau. Mlango wa uuguzi, hata hivyo, umefungwa, kwa kuwa Kemia na Fizikia hazimo.

Sasa tuseme umehangaika na sayansi, ukapata C za Biolojia na Kiswahili, D za Kemia, Fizikia, Uraia na Kiingereza, na F ya Hisabati. Jumla ni 6 na 16 na 5, yaani 27, daraja la nne. Kwa macho ya jirani umeshindwa na yule wa kwanza, ilhali wewe umetimiza masharti ya kuomba uuguzi na yeye hajatimiza. Ninaongeza kwamba kutimiza masharti hakumaanishi kupata nafasi, kwa sababu vyuo vya serikali huwa na waombaji wengi na huchukua wenye alama za juu kwanza. Lenga C katika Biolojia na Kemia, na D iwe ngazi ya chini unayoikubali katika Fizikia.

Ninasema haya kwa uchungu kwa kuwa nimeyaona. Katika darasa la jioni nililofundisha, nilipokea mama aliyekuwa na cheti chenye ufaulu wa masomo matano ya sanaa. Alikuwa amenyimwa nafasi ya uuguzi, ndipo akajua kwamba masomo yake hayakuhusika. Ilimbidi arudi kama mtahiniwa wa kujitegemea kufanya Kemia, Biolojia na Fizikia peke yake, na kwa kuwa hakuwahi kuzisoma hata siku moja, alitumia miaka miwili mingine. Anayerudia anaruhusiwa kuchagua masomo anayoyataka, hivyo hakupoteza yale matano. Miaka miwili ndiyo aliyopoteza, pamoja na ada zake.

Sayansi kwa mtahiniwa wa kujitegemea ina shida mahususi, nayo ni mtihani wa vitendo. Kila moja kati ya Kemia, Biolojia na Fizikia ina karatasi mbili: ya nadharia yenye alama 100, na ya vitendo, inayofanyika maabara, yenye alama 50. Mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo ya darasani zinazoingizwa kwenye matokeo yake ya mwisho, lakini wewe hutakuwa nazo, hivyo kila ulicho nacho kitatoka kwenye karatasi hizo mbili. D huanzia alama 30 katika mia, yaani 45 kati ya zile 150. Ukipata 25 za vitendo, unahitaji 20 tu za nadharia ili uvuke. Ukiingia maabara hujui kushika pipeti ukatoka na 5, unahitaji 40 za nadharia. Kwa mtu anayesoma usiku baada ya zamu, 20 na 40 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nami ninaamini hapo ndipo penye neema yako. Mitihani ya vitendo ina maswali yanayozunguka yale yale mwaka hadi mwaka. Katika Kemia utapima asidi kwa besi kwa bureti na pipeti, na kutambua chumvi isiyojulikana hatua kwa hatua. Katika Biolojia utapima vyakula ili kujua kama vina wanga, sukari, protini au mafuta, na kuainisha viumbe utakavyowekewa mezani. Katika Fizikia utafanya kazi ya pendulamu, ya vioo au ya mzunguko wa umeme, kisha uchore grafu na kutafuta mwinamo wake. Mtu aliyezoea kuhesabu matone, kusoma vipimo na kuandika kile alichokiona bila kukisia, kama wahudumu wengi wa zahanati, ana mkono uliokwishatulia. Anachokosa ni maabara. Kabla ya kulipa kituo chochote, uliza ni maabara ipi mtakayotumia, mtaingia mara ngapi kwa muhula, na gharama ya kemikali iko ndani ya ada au inadaiwa kando. Kituo kisichokuwa na jibu la wazi kwa swali hilo hakiwezi kukufundisha sayansi, hata walimu wake wawe wema namna gani. Mara nyingi suluhisho ni kukubaliana na shule ya sekondari iliyo jirani ili kikundi chenu kiingie maabara siku za Jumamosi.

Usiogope masomo hayo matatu kwa usawa. Biolojia utaipenda, kwa kuwa nusu yake umeiona kazini. Kemia ya mwanzo inataka kukariri alama za elementi na kujua kusawazisha milinganyo, na mtu mzima mwenye nidhamu huimudu kwa miezi michache. Fizikia ndiyo inayoangusha watu, na chanzo chake huwa ni hesabu: mtu anaielewa kanuni vizuri, lakini hawezi kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili. Ukikaa miezi miwili ya mwanzo na hesabu za sehemu, desimali na milinganyo rahisi kabla hujafungua kitabu cha Fizikia, utakuwa umejiokoa katika Fizikia na Kemia kwa pamoja, na huenda hata hiyo F ya Hisabati ikageuka D.

Jambo jingine linalowasumbua watu wazima ni Kiingereza, kwa sababu masomo mengi, yakiwemo yote matatu ya sayansi, hutahiniwa kwa lugha hiyo. Nimesahihisha karatasi za watu waliojua jibu lakini wakakosa alama kwa kutotambua swali linawataka wafanye nini. Wameambiwa watofautishe vitu viwili, wao wakaeleza kimoja kwa kirefu. Wameambiwa wataje, wakaandika kurasa mbili na muda ukawaishia. Chukua mitihani ya miaka mitano iliyopita, uandike kwenye daftari kila neno linalotoa amri, pamoja na maana yake kwa Kiswahili na mfano wa jibu linalotakiwa. Maneno hayo hayazidi ishirini. Hakikisha pia vitabu unavyonunua vinalingana na fomati ya mtihani ya mwaka wako, iliyoko kwenye tovuti ya Baraza, www.necta.go.tz, kwa maana mtaala ulioboreshwa unaingizwa hatua kwa hatua na vitabu vingi vilivyokwishatumika vinavyouzwa sokoni bado ni vya mtaala wa zamani.

Kuhusu mahali pa kusomea, kabla hujarudi kwa yule bwana, nenda kwanza ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Taasisi hiyo imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na inaendesha elimu ya sekondari kwa njia huria katika hatua mbili: hatua ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja na kuishia kwenye QT, na hatua ya pili inabeba kidato cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine. Wana vituo wanavyovitambua, na watakuambia kipi kati ya vilivyo karibu nawe kina wanafunzi wa sayansi. Wakati huo huo uliza kuhusu mpango wa serikali wa kuwarejesha masomoni wasichana waliokatishwa shule. Mpango huo umelenga wasichana wa umri mdogo kuliko wako, lakini kituo kinachoupokea mara nyingi huwa na walimu na vitabu ambavyo wengine pia hunufaika navyo.

Kisha fedha. Tenganisha ada ya masomo, ambayo ni makubaliano kati yako na kituo, na ada ya mtihani, ambayo ni ya Baraza. Kwa miaka ya karibuni ada ya QT imekuwa shilingi 30,000 na ya kidato cha nne shilingi 50,000 kwa anayejisajili kwa wakati. Utaratibu ni kwamba unakwenda kwenye kituo cha mtihani kilichosajiliwa, ambacho kwa kawaida ni shule, unapewa namba rejea, unajaza taarifa zako kwenye tovuti, halafu mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo ambayo unalipia mwenyewe kwa simu au benki. Hakuna mahali ambapo ada ya mtihani inapaswa kupita mkononi mwa mwalimu kama fedha taslimu. Vituo vingi vya jioni si vituo vya mtihani. Ni vya kufundishia tu. Wapo watu waliosoma mwaka mzima, wakafika Novemba na kukuta majina yao hayapo, kwa sababu aliyechukua fedha zao hakuwasajili. Dalili ya kuwa umesajiliwa ni kuwa na namba yako yenye P, namba ya kituo na namba yako ya mtahiniwa, tena uwe umeichapisha kabla ya Machi kuisha.

Unapojaza taarifa hizo, kuwa mwangalifu na majina. Andika majina yaliyo kwenye cheti chako cha darasa la saba na cheti cha kuzaliwa, kwa mpangilio ule ule, wala usiandike jina la mumeo hata kama kazini wanakuita hivyo. Ikiwa kitambulisho cha NIDA kina jina tofauti, shughulikia marekebisho sasa, kabla ya usajili, kwa kuwa jina likishachapishwa kwenye cheti cha kidato cha nne ni kazi ngumu sana kulibadilisha, na chuo, Baraza la Uuguzi na Ukunga na mwajiri wote watalinganisha karatasi zako.

Hukuniuliza kuhusu vyeti vya kununua, lakini katika vituo vya jioni utakutana na anayeviuza, hivyo nitasema machache. Katika uhakiki uliofanywa na serikali mwaka 2017 walibainika watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi. Namba ya mtahiniwa hukaguliwa na Baraza lenyewe, na ya kughushi haina pa kujificha.

Nimalizie na uamuzi utakaokukabili Januari ya mwaka wa pili. Matokeo ya QT yatakuambia kama umefaulu kuendelea, lakini usiishie hapo. Tazama alama ya kila somo. Ukiona umevuka kwa nguvu ya Kiswahili na Uraia huku Kemia na Fizikia zikiwa F, ushauri wangu ni usijisajili kidato cha nne mwaka huo. Tumia mwaka huo maabara na kwenye hesabu, ujisajili mwaka unaofuata. Utaingia chuo na miaka 37 badala ya 36, na hesabu ya umri bado inakubali. Na ukijaribu kwa dhati ukaona Fizikia imekataa kabisa, ufaulu wa masomo manne mengine unakuruhusu kuomba astashahada ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii, na maafisa ustawi wa jamii wanafanya kazi hospitalini pia, pamoja na wagonjwa wale wale unaowahudumia leo.

Wiki hii tafuta cheti chako cha darasa la saba. Kama kimepotea, anza kwa mwalimu mkuu wa shule uliyosoma na ofisi ya elimu ya wilaya, kwa maana jambo hilo huchukua muda na usajili haukusubiri. Yule bwana mwambie tu kwamba utalipa ada ya mtihani mwenyewe kwa kumbukumbu namba, na kwamba unataka kuiona maabara.